Kwa Nini Wateja Huenda Famasi ya Jirani: Namna ya Kuandika Hojaji Isiyopotosha

Hojaji ya wateja ni orodha ya maswali yanayoulizwa kwa namna moja kwa kila mtu, ili majibu yaweze kuhesabiwa na kulinganishwa. Mwenye famasi huihitaji anapoona watu wa mitaa ya karibu wakipita mbele ya duka lake na kwenda kununua dawa kwenye famasi iliyo mbele zaidi, na hajui sababu. Kubahatisha ni rahisi: wengine husema ni bei, wengine husema ni mwuzaji, wengine husema ni rangi ya jengo. Hojaji nzuri huweza kuonyesha sababu yenyewe. Hojaji mbaya nayo hutoa takwimu zilizopangika vizuri, zenye asilimia na michoro, ambazo hazina ukweli ndani yake, na mwenye duka hutumia fedha kurekebisha kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

Hojaji nyingi za aina hii huharibika kwa mambo mawili. La kwanza ni kuwauliza watu wasiostahili kuulizwa, na la pili ni kuuliza kwa namna inayomwekea mtu jibu mdomoni. La kwanza ndilo baya zaidi, kwa sababu swali baya huonekana likisomwa kwa makini, lakini mtu ambaye hakuulizwa haonekani popote kwenye karatasi.

Njia inayotumika mara nyingi ni kuweka fomu kaunta, pamoja na kalamu na kisanduku, na kumwomba kila anayenunua dawa ajaze. Fomu hizo hujaa haraka, na nyingi husifu. Tatizo ni kwamba aliyesimama kaunta amekwisha kuichagua famasi hiyo. Anayetafutwa ni yule ambaye wakati huohuo yuko dukani kwa mshindani, au yuko nyumbani akiwa na dawa alizonunua huko. Fomu za kaunta zingeongezwa kutoka 100 hadi 3,000, bado zingekuwa zimewauliza watu walewale. Wingi wa majibu hupunguza bahati nasibu tu. Upendeleo uliomo katika kuchagua watu haupungui hata kidogo.

Historia ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1936, kabla ya uchaguzi wa rais wa Marekani, jarida la Literary Digest lilituma kadi za kura ya maoni kwa watu takriban milioni 10, na zaidi ya milioni 2 wakazirudisha. Kwa hesabu ya kadi hizo, jarida lilitabiri kuwa Alf Landon angeshinda kwa wingi mkubwa. Franklin Roosevelt ndiye aliyeshinda, tena kwa kuchukua majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kadi yalitoka kwa sehemu kubwa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, vitu ambavyo wakati ule wa hali ngumu ya uchumi walikuwa navyo zaidi wenye uwezo. Juu ya hilo, zaidi ya saba kwa kila kumi hawakujibu kabisa, na waliojibu hawakuwa na mawazo sawa na walionyamaza. George Gallup, akiwa na sampuli ndogo mara nyingi kuliko ile, alimtaja mshindi kwa usahihi.

Kosa hilohilo hujitokeza kwa famasi inayotuma maswali kwenye kundi la WhatsApp la wateja wake, au inayoahidi zawadi kwa atakayejibu. Wanaojibu huwa ni waliokwisha kuwa na uhusiano na duka, wenye hasira ya jana, au wanaoitaka zawadi.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuamua ni watu gani hasa jibu lao linatafutwa. Mfano ufuatao ni wa kubuni, lakini hatua zake ndizo zinazofuatwa katika kazi halisi. Kuna famasi moja ya mjini, nchini Tanzania, iliyozungukwa na mitaa minne ya makazi. Mita kama 400 kutoka hapo kuna famasi nyingine iliyofunguliwa karibuni, na ndiyo inayoonekana kujaa jioni. Mwenye famasi ya kwanza anataka kujua kwa nini. Watu wanaostahili kuulizwa ni wote wanaoishi katika mitaa hiyo minne na ambao kaya zao zilinunua dawa hivi karibuni, mahali popote: kwake, kwa mshindani, kwenye duka la dawa muhimu au kwenye dirisha la dawa la hospitali. Wateja wa famasi zote mbili wanahitajika ndani ya sampuli moja, kwa sababu ambayo itaonekana wakati wa kuhesabu.

Baada ya kuzungumza na mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kupata ridhaa yake, wahojaji hupita mtaa mzima na daftari na kuorodhesha kaya. Hapa pana mtego wa mijini usioelezwa sana katika vitabu vilivyoandikwa kwingine. Nyumba moja ya vyumba sita inaweza kuwa na kaya sita za wapangaji, na nyumba ya pili yake, yenye geti, ikawa na kaya moja. Anayechagua mtu mmoja kwa kila nyumba huwapa wenye nyumba uzito mkubwa kuliko wanavyostahili, na wapangaji, ambao mara nyingi ni vijana wenye kipato cha siku kwa siku na ununuzi wa dawa wa namna tofauti, huingia wachache mno. Namba za nyumba zilizowekwa katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 husaidia kutoruka nyumba, ila kinachoorodheshwa ni kaya, yaani watu wanaokula chungu kimoja.

Tuseme orodha imefika kaya 1,200 na kinachotakiwa ni kaya 240. Kwa kugawanya, kila kaya ya tano itachaguliwa. Vikaratasi vitano vyenye namba 1 hadi 5 hukunjwa na kimoja huokotwa. Kikiwa na namba 3, huanzwa na kaya ya 3, kisha ya 8, ya 13, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa orodha. Mhojaji haruhusiwi kubadilisha kaya yenye mbwa mkali kwa kaya ya jirani yenye mama mkarimu aliyekaa barazani. Ruhusa hiyo ndogo ikitolewa, sampuli hujaa wakarimu waliokaa barazani.

Saa ya kwenda nayo ni sehemu ya uchaguzi. Anayegonga milango saa 4 asubuhi siku ya Jumanne atawakuta wazee, kina mama wa nyumbani na wanaofanya kazi za usiku. Dereva, fundi, mwalimu na mwuza duka hawapo, na hao ndio wanaonunua dawa jioni wakirudi. Kaya iliyokutwa imefungwa hurudiwa angalau mara mbili, mojawapo ikiwa jioni baada ya saa 12 na nyingine mwisho wa wiki. Kazi hiyo inachosha na inaongeza nauli za wahojaji, lakini ndiyo inayotenganisha utafiti na mazungumzo ya barazani. Kila aliyekataa na kila aliyekosekana huandikwa, kwa sababu idadi yao itahitajika baadaye.

Katika kaya, wa kuulizwa ni yule aliyeamua dawa ikanunuliwe wapi mara ya mwisho. Mara nyingi aliyekwenda dukani ni mtoto au dada wa kazi aliyepewa noti na kikaratasi chenye jina la dawa. Mtoto huyo anaweza kueleza alivyohudumiwa. Sababu ya kwenda huko anayo aliyemtuma.

Sampuli ikishapatikana, maswali nayo yanaweza kuiharibu. Swali elekezi ni lile linaloonyesha, kwa maneno yake au kwa mpangilio wake, jibu lipi litampendeza anayeuliza. Lililo wazi kabisa ni kama hili: "Je, unakubali kwamba bei zetu ni nafuu kuliko za maduka mengine?" Hakuna anayehitaji kuelezwa kasoro yake. Maswali ya hatari zaidi ni yale yanayoonekana hayana hatia. "Kwa nini hupendi kununua kwetu?" linamdhania mtu chuki ambayo huenda hana, labda hajawahi hata kuliona duka hilo. "Ni bei au ni huduma inayokupeleka kule?" linafunga milango mingine yote na kuacha miwili. "Huduma na bei za famasi hii zinaridhisha?" ni maswali mawili ndani ya moja, na anayesema "ndiyo" haijulikani ameridhika na lipi.

Hata kitenzi kimoja hutosha kupinda jibu. Mwaka 1974 wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za magari yaliyogongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, chenye maana ya kupondana, walikadiria mwendo wa wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi cha kugusana walikadiria 31.8. Filamu zilikuwa zilezile. Kwa famasi, tofauti kama hiyo iko kati ya kuuliza "ulichelewa kuhudumiwa kwa muda gani?" na "ilichukua muda gani kuhudumiwa?" Swali la kwanza limekwisha kuamua kwamba kulikuwa na kuchelewa.

Orodha ya majibu ya kuchagua nayo huelekeza, hata ikiandikwa kwa nia njema. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilijaribu jambo hili baada ya uchaguzi wa mwaka 2008. Wapiga kura waliosomewa orodha ya masuala na kuulizwa lipi liliamua kura yao walitaja uchumi kwa asilimia 58. Wengine waliulizwa swali hilohilo bila orodha, wajieleze wenyewe, na uchumi ukatajwa na asilimia 35. Famasi inayowapa watu orodha yenye "bei" kwenye mstari wa kwanza inaweza kutegemea kwamba bei itashinda. Na sababu ambayo mwandishi hakuifikiria haitapata kura hata moja, ingawa inaweza kuwa ndiyo sababu kuu.

Dawa ya kasoro hizi nyingi ni moja: kuuliza kuhusu tukio halisi, moja, la karibuni, na kumwacha mtu alisimulie kwa maneno yake. Watu wakiulizwa "kwa kawaida hununua dawa wapi?" hujibu kwa picha waliyonayo ya nafsi zao. Wakiulizwa kuhusu mara ya mwisho, hukumbuka siku, mgonjwa na njia waliyopita. Hojaji ya famasi ya mfano inaweza kuanza hivi: "Katika siku 30 zilizopita, kuna mtu wa kaya hii aliyenunua dawa dukani au kwenye famasi?" Kama hakuna, mahojiano huishia hapo kwa shukrani. Kama yupo, linafuata: "Mara ya mwisho mlinunua wapi?" Mhojaji huandika jina au mahali anavyotajiwa, kwa sababu wakazi wengi hawatenganishi kwa jina famasi na duka la dawa muhimu, aina ya duka iliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ambayo sasa iko nchi nzima. Kisha linakuja swali kuu: "Naomba unisimulie ilikuwaje siku hiyo, tangu mlipoona dawa inahitajika hadi mkaipata."

Swali hilo halina neno "kwa nini", na limeachwa kwa makusudi. Mtu anayeulizwa kwa nini huhisi anatakiwa kujitetea, naye huchukua sababu ya kwanza inayosikika ya maana: bei, ubora, huduma nzuri. Anayeulizwa ilikuwaje husema kwamba mtoto alipandisha homa usiku, famasi ya karibu ilikuwa imekwisha kufungwa, na bodaboda akawapeleka kule kwingine. Sababu imejitokeza yenyewe ndani ya masimulizi. Baada ya hapo mhojaji ana maneno mawili tu anayoruhusiwa kuongeza: "Kuna lingine?" na "Unaposema huduma nzuri, unamaanisha nini hasa?" La pili linahitajika karibu kila mara, kwa maana "huduma nzuri" inaweza kuwa salamu ya heshima, kukopeshwa hadi mwisho wa mwezi, au kuuziwa vidonge vinne badala ya dozi nzima.

Maswali mafupi ya kufuatilia huja baadaye. Je, kabla ya kwenda hapo mlipita kwingine? Kama ndiyo, wapi, na kukatokea nini? Dawa iligharimu shilingi ngapi? Bei ya dawa hiyohiyo mahali pengine mliijua? Swali la mwisho ni dogo lakini lina thamani kubwa. Mtu anayesema alifuata bei nafuu, huku hajui bei ya kwingine, ameeleza sifa ya duka hilo, na sifa ni jambo tofauti na bei. Mwenye famasi anayepunguza bei kwa sababu yake atapata hasara, na huenda asipate mteja hata mmoja.

Jina la famasi inayofanya utafiti huachwa nje hadi mwisho. Mhojaji hujitambulisha kwamba kazi yake inahusu ununuzi wa dawa katika mitaa hiyo, ambayo ni kweli, na anayetaka kujua mwenye kazi ataambiwa mahojiano yakimalizika. Katika maeneo yetu hili ni muhimu sana. Mgeni akipokewa, hupewa maneno mazuri. Kumwambia mtu usoni kwamba duka lake lina kasoro ni kukosa adabu. Mhojaji aliyevaa koti jeupe la famasi, au ambaye watu wamezoea kumwona kaunta, atarudi na karatasi zilizojaa heshima ya wenyeji. Bora atumwe kijana asiyefahamika mtaani, mwenye lugha ya upole, aliyefundishwa kusoma swali kama lilivyoandikwa na kutotikisa kichwa anaposikia jibu.

Maswali ya kupima hupangwa mwishoni, baada ya masimulizi, ili majina na sifa zake zisimchafulie mtu kumbukumbu. Kama kuna kipimo, pande zake ziwe sawa: "mbaya sana, mbaya, wastani, nzuri, nzuri sana", pamoja na nafasi ya "sijawahi kwenda". Kipimo chenye "nzuri mno, nzuri sana, nzuri, mbaya" kina vyumba vitatu vya sifa na kimoja cha lawama. Famasi zote zinazotajwa hupimwa kwa maneno yaleyale, na mpangilio wake hubadilishwa kutoka karatasi moja hadi nyingine, kwa sababu inayotangulia kutajwa mara nyingi hugeuka kuwa kigezo cha kupimia zinazofuata.

Zipo sababu ambazo mtu hatazisema mbele ya familia. Mwingine huruka famasi ya mtaani kwake makusudi, kwa kuwa mwuzaji anamjua mama yake, anapokwenda kununua kondomu, kipimo cha mimba au dawa ya ugonjwa wa zinaa. Mwingine huenda mahali anapouziwa antibayotiki bila cheti cha daktari, na anajua kwamba haifai. Swali la moja kwa moja hapa huzaa uongo wa heshima. Njia inayosaidia ni kadi. Mhojiwa hupewa kadi yenye sentensi zilizowekewa herufi: A, nilikuwa na cheti cha daktari, B, nilitaja jina la dawa, C, nilieleza dalili nikashauriwa, D, nilionyesha pakiti ya zamani. Zote zimeandikwa kwa sauti moja, bila ya kulaumu, naye hutaja herufi tu. Kadi nyingine huorodhesha sababu za kuchagua mahali, zikiwemo "sikutaka kukutana na watu wanaonifahamu". Aliye jirani kwenye mkeka hasikii zaidi ya herufi. Kwa wasiosoma, mhojaji huomba nafasi ya faragha, na pasipo na faragha sehemu hiyo hurukwa na kuandikwa kwamba imerukwa.

Taarifa za afya ya mtu ni nyeti kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na ya Kenya ya mwaka 2019, zinaziweka katika kundi linalolindwa zaidi. Kinga rahisi kuliko zote ni kutokusanya kisichohitajika. Jina la mhojiwa halina kazi katika hesabu hii, wala namba ya simu, wala jina la ugonjwa. Karatasi ya mahojiano hubeba namba ya kaya tu, na orodha inayounganisha namba na nyumba huhifadhiwa mbali nayo, kisha huharibiwa kazi ikiisha.

Kabla ya karatasi kuchapwa, maswali hujaribiwa kwa watu wanane au kumi wasio katika sampuli. Kusikia majibu yao hakutoshi. Kila mmoja huombwa arudie swali kwa maneno yake mwenyewe. Hapo hugundulika, kwa mfano, kwamba ukiuliza "dawa" bila kufafanua, mmoja anahesabu mwarobaini wa sokoni na mwingine hahesabu vidonge vya maumivu ya kichwa kwa sababu "hivyo si kuumwa". Ukisema "dawa za hospitali", kama watu wengi wanavyoziita, wapo watakaoelewa zile zilizotolewa hospitalini tu. Sentensi moja ya ufafanuzi yenye mfano wa vidonge vya maumivu huondoa utata huo.

Sasa hesabu za famasi ya mfano. Kati ya kaya 240 zilizochaguliwa, 198 zilijibu. 15 zilikataa na 27 hazikupatikana hata baada ya kurudiwa. Kaya 150 zilikuwa zimenunua dawa ndani ya siku 30: 48 kwenye famasi yenyewe, 67 kwa mshindani, na 35 kwingine. Masimulizi husomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, wakiyaweka katika mafungu ya sababu. Wasipokubaliana, maneno ya mhojiwa husomwa upya pamoja. Kaya moja inaweza kuwa na sababu zaidi ya moja.

Mtu akitazama wateja wa mshindani peke yao, ataona kwamba sababu kubwa ni ukaribu: 32 kati ya 67, karibu nusu, walisema duka lile liko njiani kwao. Ripoti nyingi zingeishia hapo. Lakini kati ya wateja 48 wa famasi yenyewe, 24 nao walisema hivyohivyo. Kila mtu hununua dawa mahali palipo njiani kwake, na sababu iliyo sawa pande zote haielezi kwa nini huyu alikwenda huku na yule kule. Bei nayo ilitajwa na 20 kati ya 67 upande wa mshindani na 12 kati ya 48 upande wa pili, yaani asilimia 30 kwa 25. Pengo hilo ni dogo mno kwa sampuli ya ukubwa huu, na kati ya wale 20, ni sita tu waliokuwa wanajua bei ya kwingine.

Fungu la tatu ndilo lililotofautiana. Wateja 23 wa mshindani, asilimia 34, walisimulia kwamba walikwenda pale kwa sababu dawa waliyoihitaji ilikuwepo. Kwa famasi yenyewe waliosema hivyo ni watatu, asilimia 6. Tofauti ya asilimia 28 katika makundi haya inaweza kupungua au kuongezeka kwa asilimia 13 hivi kwa sababu ya bahati ya uchaguzi, lakini haiwezi kufutika. Na swali la "mlipita kwingine?" likakamilisha picha: kati ya hao 23, watu 14 walianzia kwenye famasi ya kwanza, wakaambiwa dawa haipo, wakaenda kwa jirani. Baadhi yao walisema safari zilizofuata hawakuanzia tena pale. Fomu za kaunta zisingeonyesha jambo hili kamwe, maana anayeambiwa "hatuna" huondoka bila kujaza fomu, na mauzo ambayo hayakufanyika hayatoi risiti.

Inafaa kuhakikisha jambo hilo kwa njia nyingine kabla ya kuagiza mzigo. Njia nyepesi ni daftari la dawa zilizokosekana: kwa wiki nne, kila mteja anayeondoka mikono mitupu, mwuzaji huandika tarehe, saa na jina la dawa. Daftari likionyesha kwamba zilezile dawa tano za presha na kisukari hurudia kila wiki, tatizo liko katika kuagiza. Likionyesha vitu tofauti kila siku, huenda mhojiwa na mwuzaji wanazungumzia mambo mawili, na masimulizi yasomwe tena.

Kaya ambazo hazikujibu nazo zinahitaji kuangaliwa. Njia ya kupima uzito wake ni kulinganisha waliopatikana kwa mara ya kwanza na waliopatikana kwa mara ya tatu. Kama hao wa mwisho wananunua kwa mshindani zaidi, yaelekea wale 27 ambao hawakupatikana kabisa wanafanana nao, na takwimu za mshindani ziko chini ya ukweli. Kama makundi hayo yanalingana, wasiwasi hupungua.

Sampuli ya namna hii ina mipaka yake. Haina neno la kusema kuhusu wapita njia: famasi iliyo karibu na stendi huuza kwa watu wasiolala katika mitaa hiyo, na hao wangehitaji mpango mwingine wa kuwachagua, kwa saa na siku badala ya kwa kaya. Pia haikubali kukatwakatwa. Mtu atatamani kujua wenye bima ya afya wanasemaje, na akute ni 11 kati ya 150. Katika kundi la watu 11, mmoja tu akibadilisha jibu, asilimia hupanda au kushuka kwa 9. Na maswali ya "ungehamia kwetu kama tungekuwa na dawa hiyo?" ni bora yasiulizwe, kwa kuwa kukubali hakumgharimu mtu chochote.

Baadhi ya sababu zitakazopatikana hazifai kuigwa hata zikithibitika. Masimulizi yakionyesha kwamba mshindani hupendwa kwa kuuza nusu ya dozi ya antibayotiki, au kwa kutoa bila cheti dawa zinazohitaji cheti, jibu hilo ni la kweli kuhusu wateja na hubaki kwenye ripoti kama lilivyo, likitenganishwa na yale ambayo famasi inaweza kuyafanyia kazi: saa za kufunga, faragha ya kaunta, na rafu ya dawa zinazokwisha kabla ya mwisho wa mwezi.